Pointi 8 au Asilimia 31? Kuandika Mabadiliko kwenye Chati

(Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi kuhusu chati zinazoonyeshwa katika vikao vya maoni ya umma)



Kila mwenye pikipiki au matatu anakumbuka mwaka 2023. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilipandisha kodi ya VAT kwenye mafuta ya petroli kutoka asilimia 8 hadi asilimia 16. Mmoja akasema kodi imepanda kwa asilimia 8. Mwingine akasema imepanda kwa asilimia 100, yaani imeongezeka maradufu. Watu wakabishana, kila mmoja akimwona mwenzake mwongo.

Aliyesema asilimia 100 alikuwa sahihi: 16 ni mara mbili ya 8. Aliyesema asilimia 8 alikuwa na hesabu nzuri lakini jina baya. Ukitoa 8 kwa 16 unabaki na 8, na hiyo huitwa pointi 8 za asilimia. Tena hakuna kati ya hizo mbili inayosema bei ya lita ilipanda kiasi gani. Mafuta ya shilingi 100 kabla ya VAT yalikuwa shilingi 108, yakawa shilingi 116 pamoja na kodi mpya. Ongezeko la shilingi 8 juu ya 108 ni kama asilimia 7.4, iwapo kodi hiyo ndiyo iliyobadilika peke yake.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kiwango kikiwa tayari kinapimwa kwa asilimia, kukitoa kiwango cha zamani kwenye kipya kunaleta pointi za asilimia. Ukigawa tofauti hiyo kwa kiwango cha zamani, unapata mabadiliko ya asilimia. Shida huanza pale majibu haya mawili yanapowekwa kwenye chati chini ya alama moja ya %.

Chukua mfano unaohusu watoto. Utafiti wa Demografia na Afya Kenya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 26 ya watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa na udumavu, yaani walikuwa wafupi mno kwa umri wao. Utafiti wa mwaka 2022 ukaonyesha asilimia 18. Udumavu ulipungua kwa pointi 8 za asilimia. Kwa mabadiliko ya asilimia, 8 gawa kwa 26 ni karibu asilimia 31.

Sasa tazama Pokot Magharibi, iliyokuwa miongoni mwa kaunti zilizoathirika zaidi mwaka 2014. Huko udumavu ulitoka asilimia 46 ukafika asilimia 34. Hizo ni pointi 12, nyingi kuliko 8 za taifa zima. Lakini 12 gawa kwa 46 ni karibu asilimia 26, ambayo ni ndogo kuliko ile 31 ya taifa. Kwa chati ya pointi, Pokot Magharibi imeipita Kenya kwa jumla. Kwa chati ya mabadiliko ya asilimia, iko nyuma. Takwimu ni zilezile na watoto ni walewale. Ikiwa kichwa cha chati kinasema tu “Kupungua kwa udumavu (%)”, mkazi aliyekaa kikaoni hana njia ya kujua anaonyeshwa ipi, na huenda fedha za lishe zikajadiliwa kwa msingi huo.

Kosa hili mara nyingi halitokani na hila. Linatokana na programu ya majedwali. Afisa huandika 26% kwenye seli B2 na 18% kwenye seli C2, kisha hutafuta tofauti:

```
=C2-B2
```

Jibu linalotokea kwa kawaida ni -8%. Programu imerithi alama ya % kutoka seli zile mbili. Haijui kwamba hapa inapaswa kusema pointi. Chati ikichorwa kutoka seli hiyo, alama huingia kwenye mhimili na juu ya kila mwamba bila mtu kuiandika. Anayetaka pointi afanye hivi, kisha seli ya jibu aipe muundo wa namba ya kawaida:

```
=(C2-B2)*100
```

Sasa atapata -8, na ataandika kwenye mhimili “pointi za asilimia”. Anayetaka mabadiliko ya asilimia atumie hii, na seli ya jibu aipe muundo wa asilimia; italeta karibu -31%, na hapo alama ya % ni halali:

```
=(C2-B2)/B2
```

Kichwa cha chati nacho kina kazi yake. Kiswahili kinasaidia, maana “kwa” na “hadi” hazifanani. “Udumavu umepungua hadi asilimia 18” inataja mahali ulipofika. “Udumavu umepungua kwa asilimia 18” inataja hatua iliyopigwa, na hapa ni uongo mtupu. Neno moja limeharibu habari nzima. Kichwa kisichoacha shaka kinaweza kuwa hivi: “Udumavu wa watoto wa chini ya miaka 5, Kenya: wapungua kwa pointi 8 za asilimia, kutoka asilimia 26 mwaka 2014 hadi asilimia 18 mwaka 2022.” Ni kirefu, ndiyo, lakini msomaji mwenye kalamu anaweza kukihakiki hapohapo. Mhimili wa chati inayoonyesha viwango vyenyewe uandikwe “Asilimia ya watoto”, si “Asilimia” peke yake. Ukiandikwa “asilimia” tu, swali la asilimia ya nini linabaki mikononi mwa msomaji.

Kuna sababu ya kupendelea pointi pale nafasi inapotosha kipimo kimoja tu. Geuza habari ileile uitazame kutoka upande wa pili: watoto wasio na udumavu waliongezeka kutoka asilimia 74 hadi asilimia 82. Kwa pointi bado ni 8. Lakini kwa mabadiliko ya asilimia ni 8 gawa kwa 74, karibu asilimia 11. Kwa hiyo anayetaka mafanikio yaonekane makubwa atasema udumavu umeshuka kwa asilimia 31, na anayetaka yaonekane madogo atasema watoto wenye kimo cha kuridhisha wameongezeka kwa asilimia 11. Wote wawili wamehesabu sawasawa. Pointi hazichezewi namna hiyo.

Hata hivyo, kwa viwango vidogo sana pointi huficha mambo. Ugonjwa uliotoka asilimia 1 hadi asilimia 2 ya wakazi umeongezeka kwa pointi 1 tu, nao umeongezeka maradufu. Zahanati italiona hilo mlangoni. Hapo chati itaje vyote viwili, kila kimoja kwa jina lake.

Jambo la mwisho ni desimali. Namba 26 na 18 zimekadiriwa hadi namba nzima. Huenda ya kwanza ilikuwa popote kati ya 25.5 na 26.5, na ya pili kati ya 17.5 na 18.5. Kwa hiyo pointi zinaweza kuwa kati ya 7 na 9, na mabadiliko ya asilimia kati ya 27 na 34 hivi. Tena ni utafiti wa sampuli, ambao una kiasi chake cha kukosea. Chati inayojitangaza kwa “asilimia 30.77” kutokana na namba mbili nzima imedai usahihi isiokuwa nao. “Karibu asilimia 31” inatosha, na pembeni yake ziandikwe 26 na 18 zenyewe.