Nani, Nini, Lini: Barua Pepe ya Maazimio Baada ya Kikao cha Tathmini ya Mzabuni

Mada kwa semina ya maofisa ununuzi, watunza stoo na wahasibu wa viwanda

Utangulizi

Viroba 1,840 vya unga vilifumuka kitako vikiwa vimeshajazwa. Hilo halikuwa na ubishi, kwa sababu kila mtu kikaoni aliviona. Ubishi huzuka baadaye, pale inapoulizwa nani aliahidi kuvifidia, atafidia kwa viroba au kwa pesa, na kufikia siku gani. Jibu la maswali hayo haliko kwenye mkataba wala kwenye ripoti ya tathmini. Linatakiwa liwe kwenye barua pepe iliyotumwa baada ya kikao.

Mada hii inaichambua barua pepe hiyo moja kwa kutumia mfano uliotungwa kwa ajili ya semina. Kiwanda cha kusaga mahindi jijini Dar es Salaam kinanunua viroba vitupu vya kilo 25 kwa mzabuni mmoja. Jumanne, Julai 1, 2025, pande mbili zinakutana kutathmini robo ya Aprili hadi Juni. Upande wa kiwanda wapo mkuu wa ununuzi, ofisa ununuzi, mtunza stoo, mkaguzi wa ubora na mhasibu. Mzabuni amemleta meneja mauzo na mhasibu wake.

Yaliyojadiliwa

Mambo manne yalichukua saa mbili. La kwanza lilikuwa ucheleweshaji. Kwa hesabu ya mtunza stoo, kati ya oda 12 za robo hiyo, nane ndizo zilizofika kwa wakati zikiwa kamili. Mzabuni alikuja na hesabu ya 11. Hakuna aliyedanganya: mzabuni alihesabu siku lori lilipotoka kwenye yadi yake, mtunza stoo akahesabu siku mzigo ulipopokelewa kiwandani.

La pili ni viroba vilivyofumuka, vyote vya shehena ya Juni 12. La tatu ni malipo. Mkataba unasema siku 30, lakini hausemi siku hizo zinaanza kuhesabiwa lini. La nne, mzabuni aliomba bei ipande kwa sababu malighafi ya plastiki imepanda. Kiwanda kiliomba vielelezo, na suala hilo likaishia hapo.

Rasimu iliyorudishwa

Jioni hiyo ofisa ununuzi aliandika hivi:

"Ilikubalika kuwa mzabuni ataboresha muda wa kufikisha mzigo. Idara ya ubora itafuatilia suala la viroba vibovu mapema iwezekanavyo. Malipo yatafanyika ndani ya siku 30 kama kawaida. Suala la bei lilijadiliwa kwa kina."

Mkuu wa ununuzi aliirudisha kabla haijatumwa. Kila sentensi ni ya kweli, ila hakuna hata moja inayoweza kumbana mtu. "Ataboresha" haina kipimo: mzabuni akitoka oda nane hadi tisa ameboresha, na kiwanda kitaendelea kulalamika. "Idara ya ubora" ina watu watano, na kazi ya wote watano si kazi ya yeyote. "Kama kawaida" ndiyo iliyozaa mgogoro wenyewe. Na "lilijadiliwa kwa kina" inamruhusu mzabuni kusoma kwamba bei imekaribia kupanda, huku mhasibu wa kiwanda akisoma kwamba imekataliwa.

Kipimo cha kugundua sentensi ya namna hii ni rahisi. Apewe mtu ambaye hakuwepo kikaoni, kisha aulizwe kama siku ya mwisho ikifika ataweza kusema "limefanyika" au "halijafanyika" bila kumpigia mtu simu. Akishindwa, sentensi hiyo ni maelezo ya mazungumzo, bado haijawa azimio.

Barua pepe iliyotumwa

Toleo la pili lilitoka Jumatano asubuhi, watu wangali wanakumbuka walichosema. Hapa vimeandikwa vyeo tu, lakini katika barua inayotumwa kila azimio liwe na jina la mtu mmoja.

*Kichwa:* Maazimio ya kikao cha tathmini, Julai 1, 2025: viroba vya kilo 25

*Yaliyoamuliwa*

1. Kuanzia oda ya kwanza ya Julai, tarehe ya kufika mzigo ni ile iliyogongwa muhuri kwenye hati ya kupokea mzigo ya kiwanda. Oda itahesabiwa imefika kwa wakati ikiwa idadi yote imepokelewa siku hiyo au kabla. Mhusika: mtunza stoo, atakayetuma orodha ya mapokezi kwa pande zote mbili. Orodha ya kwanza: Ijumaa, Agosti 1, 2025.

2. Mzabuni ataleta viroba 1,840 vipya bila malipo badala ya vilivyofumuka. Mhusika: meneja mauzo wa mzabuni. Mwisho: Jumanne, Julai 15, 2025, saa 10 jioni (16:00). Uthibitisho: hati ya kupokea mzigo.

3. Kila shehena mpya itajaribiwa kabla ya kuingia stoo. Viroba 50 vitajazwa kilo 25 na kuangushwa kutoka mita 1.2; vikifumuka zaidi ya kimoja, shehena inarudi. Mhusika: mkaguzi wa ubora. Kuanza: shehena ya Julai 15.

4. Siku 30 za malipo zitahesabiwa tangu siku ya kupokea mzigo. Mhusika: mhasibu wa kiwanda. Kuanza: ankara zote za Julai.

*Ambayo hayakuamuliwa*

Ombi la kupandisha bei. Bei ya sasa inaendelea. Meneja mauzo atawasilisha ankara za malighafi za Januari hadi Juni kabla ya Ijumaa, Julai 18, 2025. Kupokelewa kwa vielelezo si kukubali bei mpya.

*Marekebisho*

Anayeona kosa ajibu kwa wote kabla ya Ijumaa, Julai 4, saa 10 jioni (16:00).

Kwa nini imeandikwa hivyo

Azimio la kwanza halimwambii mzabuni awahi. Linaamua kwanza ni saa ya nani inayotumika, maana pande mbili zenye vipimo tofauti zingeweza kukutana kila robo na kugombana bila mwisho. Ndiyo maana mhusika wake ni mtunza stoo, ingawa lawama ilikuwa ya mzabuni. Mhusika ni yule mwenye kitendo mkononi, na mara nyingi huyo siye mwenye kosa.

Azimio la pili na la tatu yalikuwa sentensi moja kwenye rasimu. Yalitenganishwa kwa sababu kufidia viroba vilivyoharibika na kuzuia vingine visiharibike ni kazi mbili zenye watu wawili. Zikiunganishwa, moja ikikamilika nyingine huhesabiwa nayo imekwisha.

Tarehe nazo zinastahili kutazamwa. Mkuu wa ununuzi alikuwa amependekeza muda wa marekebisho uishe Jumatatu, Julai 7. Hiyo ni Sabasaba, ofisi nyingi zimefungwa, na muda ungepita bila mtu kufungua kompyuta. Ikasogezwa nyuma hadi Ijumaa. Saa pia imeandikwa kwa namna mbili, kwa kuwa "saa 10" pekee humfanya mmoja afikirie jioni na mwingine, aliyezoea saa za Kizungu, afikirie asubuhi. Dereva wa lori akifika saa 10 jioni kwenye geti lililotarajia mzigo kabla ya chakula cha mchana, atalala nje.

Sehemu ya mambo ambayo hayakuamuliwa ndiyo inayosahaulika zaidi, nayo ndiyo inayolinda pesa. Bila sentensi "bei ya sasa inaendelea", ankara ya Julai ingeweza kuja na bei mpya, na mhasibu asingekuwa na karatasi ya kuizuia.

Jibu lililokuja

Alhamisi mhasibu wa mzabuni hakuwa na neno. Aliyejibu ni mhasibu wa kiwanda: azimio la nne halikuwa sahihi. Alivyosema kikaoni, siku zinaanza vitu viwili vinapokamilika, yaani mzigo umepokelewa na ankara sahihi imefika ikiwa na namba ya oda na risiti ya EFD.

Tofauti si ndogo. Mzigo ukipokelewa Julai 4 na ankara sahihi ikafika Julai 16, hesabu ya kwanza inadai malipo Agosti 3, ya pili Agosti 15. Mzabuni alikumbuka mazungumzo hayo na kukubali, kwa sharti kwamba ankara yenye kasoro irudishwe ndani ya siku mbili za kazi ili asiadhibiwe kwa kosa ambalo hakuambiwa. Ofisa ununuzi alituma toleo lililorekebishwa Ijumaa mchana, na mstari wake wa kwanza ulitaja kilichobadilika: "Azimio namba 4 limerekebishwa, mengine yako vilevile." Angebadilisha kimyakimya, kungekuwa na matoleo mawili mitaani na kila upande ungeshika linaloufaa.

Ubishi uliomalizika kwa barua pepe tatu ungekuja Agosti, malipo yakiwa yamekwama na lori la viroba likiwa limegoma kutoka yadi.

Mipaka yake

Barua pepe hii haibadilishi mkataba kwa nguvu zake yenyewe. Mikataba mingi ya ugavi ina kifungu kinachotaka mabadiliko yasainiwe na pande zote mbili. Azimio la nne linafafanua kifungu cha malipo, kwa hiyo lilipaswa pia kupelekwa kwenye nyongeza ya mkataba iliyosainiwa. Vilevile, maneno "asiyejibu amekubali" yasitegemewe mno. Katika sheria ya mikataba, ukimya peke yake kwa kawaida hauhesabiwi kuwa ni kukubali. Jibu fupi la "tumethibitisha" kutoka kwa meneja mauzo lina uzito kuliko kimya cha wiki nzima. Hata hivyo barua yenyewe si kitu cha kupuuzwa: nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki, nazo zinaweza kutolewa kama ushahidi.

Hatari nyingine iko chini ya barua. Kabla ya kikao, watu wa kiwanda walikuwa wameandikiana kuhusu kutafuta mzabuni wa pili. Ofisa akibonyeza kujibu juu ya mazungumzo hayo na kuongeza anwani ya mzabuni, siri yote inasafiri nayo. Barua ya maazimio ianzishwe upya kila mara. Wenye kazi wawekwe kwenye sehemu ya "Kwa", wanaopaswa kujua tu wawekwe kwenye nakala.

Mapendekezo

Washiriki wanaombwa kwenda kufanya mambo matatu. Dakika kumi za mwisho za kila kikao cha tathmini zitengwe kwa mwenyekiti kusoma maazimio kwa sauti, kila mhusika akitamka mwenyewe tarehe yake. Barua itoke kabla ya saa 24 kupita. Na kikao kinachofuata kifunguliwe kwa orodha hiyohiyo, azimio moja baada ya jingine, kabla ya kugusa takwimu za robo mpya. Azimio ambalo halijatekelezwa lipewe tarehe mpya na sababu iandikwe pembeni yake.