Yuniti Moja Inakugharimu Pesa Ngapi?
(Matini ya mazungumzo kwenye baraza la wananchi)

Leo naomba kila mtu atoe simu afungue ujumbe wa tokeni ya mwisho aliyonunua. Achana na zile tarakimu ishirini za kubonyeza kwenye mita. Angalia maneno haya manne: Units, Amt, TknAmt na OtherCharges.

Amt ni pesa zote ulizolipa. TknAmt ni zile zilizonunua stima yenyewe. OtherCharges ni makato: gharama ya mafuta ya kuzalisha umeme, mabadiliko ya fedha za kigeni, ada ya kusambaza stima vijijini, ushuru wa VAT na mengineyo. Units ni stima uliyopata.

Wengi hugawanya TknAmt kwa Units wakadhani hiyo ndiyo bei. Sivyo. Gawanya Amt.

Tuchukue mfano. Mama amelipa shilingi 500 akapata yuniti 19.20. TknAmt ni 312.96 na OtherCharges ni 187.04. Gawanya 500 kwa 19.20: kila yuniti imemgharimu shilingi 26.04. Kati ya hizo, 16.30 ni stima na 9.74 ni makato.

Baadaye analipa 500 tena, anapata yuniti 15.84. TknAmt ni 332.16, OtherCharges ni 167.84. Hapo ndipo watu hukanganyika, maana makato yamepungua na stima pia imepungua! Lakini gawanya tena: yuniti sasa ni shilingi 31.57, na stima peke yake imetoka 16.30 hadi 20.97. Amepandishwa kundi la bei.

Kundi hutegemea wastani wa matumizi ya miezi mitatu iliyopita: hadi yuniti 30 kwa mwezi, kutoka 30 hadi 100, na zaidi ya 100. Ukivuka, kila yuniti unayonunua hutozwa bei mpya, si zile za ziada tu. Kama sehemu ya stima haijabadilika ila makato kwa kila yuniti yamepanda, sababu ni viwango vya mwezi huo, na kupunguza matumizi hakutakurudisha kwenye bei ya zamani.

Sasa bajeti. Soma salio kwenye mita asubuhi, ulisome tena baada ya siku saba bila kununua tokeni katikati. Tuseme zimeenda yuniti 21, yaani tatu kwa siku, 90 kwa mwezi. Kwa 26.04 ni shilingi 2,343.60. Ukifika 105 kwa mwezi, na wastani ukakaa hapo, kwa 31.57 ni shilingi 3,314.85. Zile yuniti 15 zimekuongezea karibu shilingi 971.

Nasikia pia watu wakisema ni hasara kununua tokeni ya mia mia. Ada ya kila mwezi isiyobadilika iliondolewa mwaka 2018, kwa hivyo katika mwezi mmoja, ukiwa kundi lile lile, bei ya yuniti haibadiliki.

Aliyefuta ujumbe wake apige *977# apate tokeni zake za karibuni.