Miaka Sita ya Kulea, Theluthi ya Pensheni

Mada kwa semina ya wafanyakazi na wafanyabiashara wadogo, Munyaka, Eldoret



Hapa Munyaka wapo wanaofanya kazi katika viwanda vya nguo, hospitalini, madukani mjini na kwenye mashamba ya maua. Wengi hukatwa pesa za NSSF, hazina ya malipo ya uzeeni, bila kujua zinavyokua. Nataka tuzihesabu pamoja, kwa sababu hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha kwa nini mama na baba walioanza kazi siku moja kwa mshahara mmoja hustaafu wakiwa na akiba zisizolingana hata kidogo.

Hadi Januari 2023, mfanyakazi alikatwa shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri akaongeza 200. Kiasi hicho kilikuwa kimoja kwa karibu kila mtu aliyeajiriwa, awe mfagiaji au meneja. Sheria ya NSSF ya 2013 ilikwama mahakamani kwa miaka mingi, ikaanza kutekelezwa Februari 2023. Sasa mfanyakazi anatoa asilimia 6 ya mshahara na mwajiri asilimia 6, hadi kikomo kinachopandishwa kwa awamu. Nauunga mkono mpango huu, maana shilingi 400 kwa mwezi haziwezi kumtunza mzee. Lakini tukubali kwamba mchango ukifuata mshahara, anayelipwa kidogo ataweka kidogo, na kila mwezi asiolipwa unabaki mtupu.

Tuchukue watu wawili wa mfano, mama na baba, walioajiriwa kiwandani wakiwa na umri wa miaka 30. Kila mmoja analipwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Michango yao na ya mwajiri inafika 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka. Ili hesabu iwe nyepesi, tuseme mshahara haubadiliki na riba ni asilimia 7 kila mwaka. Baba akifanya kazi bila kukatiza hadi miaka 60, atakuta akiba ya takriban shilingi 2,720,000.

Mama anafanya kazi miaka mitatu, kisha anaacha ili alee watoto. Anarudi baada ya miaka sita na kuendelea hadi 60. Amekosa miaka 6 kati ya 30, sehemu moja ya tano. Wengi wangetarajia akiba yake ipungue kwa sehemu moja ya tano vilevile. Sivyo. Anapoteza takriban shilingi 853,000, karibu theluthi ya akiba yote, na kubaki na 1,867,000.

Kilichomwumiza ni wakati. Shilingi iliyowekwa ukiwa na miaka 34 hupata riba, na riba yenyewe ikazaa riba, kwa zaidi ya miaka 25. Ile inayowekwa ukiwa na miaka 58 haina muda huo. Kama mama huyo angekosa miaka yake sita ya mwisho badala ya hiyo ya mwanzo, angepoteza kama 206,000 tu. Lakini watoto hawazaliwi tukiwa na miaka 55. Miaka ambayo mchango una thamani kubwa kuliko yote ndiyo hiyo hiyo ya kunyonyesha na kubeba mtoto mgongoni.

Walimu na wauguzi walioko hapa wasikilize kwa makini. Katika pensheni ya zamani ya serikali, kila mwezi wa utumishi huhesabiwa kuwa sehemu moja ya 480 ya mshahara wa mwisho. Miaka 30 inakupa asilimia 75 ya mshahara huo na miaka 24 inakupa asilimia 60, bila kujali miaka sita uliyokosa ilikuwa ya mwanzo au ya mwisho. Tangu tarehe 1 Januari 2021, watumishi waliokuwa chini ya miaka 45 wamewekwa katika mpango mpya wa kuchangia, ambapo kuanzia mwaka wa tatu mfanyakazi anatoa asilimia 7.5 na serikali 15. Michango hiyo ni minono. Hata hivyo, mwalimu kijana anayechukua likizo bila malipo leo anapoteza zaidi ya alivyopoteza mwenzake wa zamani.

Kuna hasara nyingine inayofanyika kimyakimya. Mahali penye mpango wa pensheni wa kampuni, anayeacha kazi mapema huruhusiwa kuchukua sehemu ya akiba yake. Mama wetu, baada ya miaka mitatu, ana kama shilingi 92,600. Akichukua nusu, shilingi 46,300, zitaisha kwa karo na kodi ya nyumba. Zingeachwa hadi afike 60, zingekuwa takriban 288,000. Simlaumu anayezichukua akiwa na dhiki. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kutia sahihi aonyeshwe hesabu hii.

Sasa, nini kifanyike? Kwanza, sheria zilizopo zifuatwe. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, kwa hiyo michango haipaswi kusimama. Omba taarifa yako ya NSSF, pitisha kidole kwenye safu ya miezi, utafute mahali palipo patupu. Ukikuta pengo katika miezi ya uzazi, mwajiri ana jambo la kujibu. Sheria hiyo hiyo inasema kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi mmoja anastahili kuhesabiwa mfanyakazi wa mwezi. Akina mama wengi wa mashamba ya maua hulipwa kwa siku msimu baada ya msimu, na hawajawahi kuambiwa hivyo.

Na sisi wenye yaya nyumbani tujitazame. Mama anaweza kurudi kazini kwa sababu mwanamke mwingine anamlelea mtoto. Mwajiri wa mtu mmoja naye anawajibika kumsajili na kumchangia. Tusipofanya hivyo, tunaziba pengo la mama mmoja kwa kumchimbia mwingine.

Pili, mchango mdogo wa hiari katika miaka ya kulea. Mama wetu akiweka shilingi 500 kwa mwezi kwa ile miaka sita, atakuwa ametoa 36,000, nazo zitafika kama 178,000 atakapostaafu. Hilo ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya alichopoteza. Asiye na ajira anaweza kuchangia kupitia Haba Haba ya NSSF au Mpango wa Mbao ulioanzishwa kwa ajili ya jua kali. Chama kina faida zake, lakini kile kinachogawana pesa zote kila Desemba hakikupi riba ya miaka 25. Kwa maoni yangu, mchango huu ni deni la baba. Watoto ni wa wote wawili, na hasara ya kuwalea isiandikwe kwenye taarifa ya mmoja.

Tatu ni jambo la wabunge wetu. Ujerumani humhesabia mzazi miaka mitatu ya pensheni kwa kila mtoto aliyezaliwa kuanzia 1992, na serikali ndiyo inayolipa. Umoja wa Ulaya nao, tangu tarehe 21 Desemba 2012, umezuia kampuni za bima kumpa mwanamke malipo madogo ya mwezi kwa akiba ileile kwa sababu tu wanawake huishi muda mrefu. Kenya haina fidia ya miaka ya kulea. Tunaweza kuanza na mwaka mmoja kwa kila mtoto, kwa kiwango cha mshahara wa chini.

Naomba semina hii ipeleke pendekezo hilo kwa mbunge wetu kwa maandishi, na kila mama aliye hapa aombe taarifa yake ya NSSF kabla ya mwisho wa mwezi huu.