Mafua ya Ndugu Mkubwa na Pumzi ya Mtoto Mchanga



Maradhi ninayokusudia kuyaeleza, yaitwayo bronkiolaitisi, ni uvimbe wa vijirija vya mwisho vya hewa ndani ya mapafu, na aghalabu huletwa na kirusi cha RSV, ambacho kwa mtu mzima huwa si zaidi ya mafua ya siku chache, ilhali kwa mtoto wa chini ya miezi sita chaweza kumfikisha mautini. Sababu ni udogo wa njia: kuta zikivimba na ute ukaziba, hewa hupita kwa taabu, maana upana wa kijirija ukipungua nusu, uzito wa kupitisha hewa huzidi takriban mara 16.

Ni nani basi amleteaye kirusi mtoto ambaye hata kutambaa hajui? Huko Kilifi, pwani ya Kenya, katika msimu wa 2009 na 2010, watafiti walizifuata kaya 47 kwa miezi sita, wakichukua kamasi ya kila mkaazi mara mbili kwa wiki, awe mgonjwa au mzima. Ikadhihirika kwamba zaidi ya nusu ya wachanga ambao asili ya maambukizo yao ilitambulika waliyapata humo humo nyumbani, na mwenye kukiingiza kirusi kwa kawaida alikuwa ndugu mkubwa, hususan yule aendaye skuli.

Tutwae mfano. Mtoto wa miaka saba arejea Jumatatu pua ikimchuruzika, aipangusa kwa kiganja, kisha ambeba mdogo wake wa wiki kumi na kumpapasa uso. Kirusi hudumu mkononi kiasi cha nusu saa, na juu ya meza kwa saa kadhaa. Jumamosi mchanga apata mafua. Jumanne, maradhi yakaribiapo kilele, mama aona mwanawe analiachia titi kila baada ya mafunda machache, kwa kuwa hawezi kunyonya na kuhema pamoja. Ahesabu pumzi zake kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia: 66, nazo kwa umri huo hazipasi kufika 50. Chini ya mbavu nyama yabonyea ndani. Huyu ni wa hospitali siku hiyo hiyo, akapewe oksijeni, na maziwa kwa mpira wa puani. Antibiotiki hazikiui kirusi. Mdogo zaidi ya huyo, wa wiki tatu au nne, huenda akakatika pumzi kabla hata ya kukohoa, na hilo ndilo linitialo hofu kuliko yote.

Sabuni yafaa sana, walakini katika chumba kimoja cha watu sita ni muhali kuwatenga ndugu. Ndiyo maana naitazamia chanjo iliyoidhinishwa mwaka 2023, apewayo mama mjamzito katika miezi mitatu ya mwisho, ili kinga yake ipitie kondo la nyuma, mwana azaliwe nayo kabla kaka yake hajarudi skuli.