Doa Lisilofifia Chini ya Glasi

Msikilizaji, mtoto akiwa na homa, kisha ukaona vidoa vidogo vyekundu au vya zambarau mwilini mwake, usianze kuuliza amekula nini. Chukua glasi ya kunywea maji, ile ya kioo kisicho na rangi wala maua. Ilaze ubavu juu ya vidoa, ikandamize kwa nguvu, na uangalie kupitia kioo huku mkono ukiwa bado umekandamiza. Vikififia, vuta pumzi kidogo lakini endelea kumwangalia. Vikibaki palepale, rangi ileile, maongezi yameisha. Mtoto anakwenda hospitali sasa hivi, awe amechangamka au amelegea, iwe saa nane mchana au saa nane usiku.

Nieleze kwa nini kioo kinaweza kusema jambo zito hivyo. Wekundu wa surua, wa mzio au wa vipele vya joto hutokana na mishipa midogo ya damu iliyotanuka. Damu yenyewe imo ndani ya mishipa. Ukikandamiza unaisukuma pembeni, ngozi inapauka, na ukiachia inarudi. Kidoa kisichofifia ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni damu iliyokwisha kutoka nje ya mshipa na kukwama ndani ya ngozi, kama wino uliomwagika kwenye kitambaa. Kandamiza utakavyo, haina njia ya kurudi ilikotoka.

Sasa, damu inatoka kwa nini kwa mtoto ambaye hakuanguka wala hakupigwa? Kinachotutia hofu zaidi ni bakteria aitwaye meningokoko. Watu wengi wanaye kooni wala hawaumwi. Kwa wachache anapenya na kuingia kwenye damu, na humo anazaliana kwa kasi na kumwaga sumu inayochubua kuta za mishipa kwa ndani. Mishipa inaanza kuvuja. Wakati huohuo damu inagandaganda ovyo ndani ya mishipa midogo, mpaka vile vitu vya kuigandisha vinakwisha, na mwili unakosa cha kuzibia matundu. Ngozi ni pale tu tunapoweza kuona. Yanayotokea kwenye ngozi yanatokea pia kwenye figo, kwenye tezi zilizo juu ya figo, na kwenye vidole vya mikono na miguu. Ndiyo maana vidoa vya milimita moja au mbili asubuhi vinaweza kufikia adhuhuri vimeungana na kuwa mabaka makubwa ya damu iliyovia. Hata akitibiwa, takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi hufariki, na wapo wanaopona wakiwa wamepoteza usikivu, vidole au mguu mzima.

Hapa pana jambo ambalo matangazo ya afya hayalisemi vya kutosha. Picha nyingi za kipimo hiki cha glasi ni za mtoto mweupe, mkono umenyooshwa, vidoa vinaonekana kama vimechorwa. Kwenye ngozi nyeusi kidoa cha zambarau kinajificha. Mama anaweza kumwogesha mtoto mzima asikione. Basi usianzie mgongoni wala mapajani. Mvue nguo zote pamoja na nepi, msogeze mlangoni kwenye mwanga wa mchana, au tumia tochi ya simu, kisha anzia palipo peupe: nyayo, katikati ya vidole vya miguu, viganja, tumboni. Vuta kope la chini uangalie ndani yake. Mwambie apanue kinywa uone kaakaa, na upindue mdomo wa chini. Ndani ya kope na kinywani huhitaji glasi, angalia tu kwa macho. Na kwa sisi wa pwani, kama binti amepakwa hina kwa ajili ya harusi au Idi, viganja na nyayo hazitakwambia kitu. Kimbilia macho na kinywa.

Tuchukue mfano, mtoto wa miaka minne. Saa nne usiku anapata homa. Anapewa parasetamoli, inashuka kidogo, analala. Saa nane usiku anaamka analia miguu inamuuma. Mama anasema amecheza sana jana. Saa kumi na moja alfajiri tumbo na kifua vinawaka moto, lakini mikono na miguu ni ya baridi, na midomo imepauka. Bado hakuna kidoa hata kimoja. Hizi dalili tatu, maumivu ya miguu, mikono na miguu baridi kwenye mwili wenye homa, na rangi iliyobadilika, zina historia yake. Mwaka 2006 watafiti wa Uingereza walichapisha uchunguzi wa watoto 448 waliougua ugonjwa huu, wakakuta ndizo zilizotangulia, kwa kawaida baada ya saa 8 hivi tangu ugonjwa kuanza. Vidoa na shingo kukakamaa vilikuja baadaye, baina ya saa 13 na 22.

Turudi kwa mtoto wetu. Saa mbili asubuhi wako zahanati. Anachomwa kidole, kipimo cha malaria kinasoma chanya. Anaandikiwa dawa mseto, wanarudi nyumbani. Wengi wanapotelea hapa, na simlaumu mtu, maana kwetu homa ikishapata jina la malaria kila mtu anatulia. Lakini kipimo kile cha haraka kinaweza kuendelea kusoma chanya wiki kadhaa baada ya malaria kutibiwa, na mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria na bakteria wa damu kwa siku ileile. Malaria chanya haifuti kidoa. Saa nne asubuhi, mama anapombadilisha suruali, anaona nukta tatu karibu na kitovu na moja kwenye unyayo. Anakandamiza glasi. Zipo. Anaangalia tena baada ya dakika ishirini akiwa kwenye bajaji, zimekuwa tisa.

Huyo mama amefanya jambo moja la maana sana: hakusubiri bajaji ifike ndipo afikiri atasema nini. Pale mapokezi hakusema "mtoto ana homa na vipele", maana hilo lingemweka kwenye benchi pamoja na wengine arobaini. Alisema: "Ana homa, na ana vidoa visivyofifia nikikandamiza glasi, na vinaongezeka." Muuguzi anayeijua kazi yake akisikia hivyo haulizi kadi kwanza.

Kama hospitali iko mbali, zahanati au kituo cha afya kilicho njiani kinaweza kumpa sindano ya kwanza ya penisilini au seftriaksoni, kisha safari iendelee bila kupoteza muda. Hiyo ni kazi ya mhudumu wa afya. Wewe nyumbani usimpe vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kwenye droo, havitoshi na vitawavuruga watakaotafuta bakteria kwenye damu yake. Na joto likishuka kwa parasetamoli usilichukulie kama habari njema. Dawa ile inashusha homa tu, bakteria hawajaguswa.

Hospitalini atachukuliwa damu, atawekewa dripu, atapimwa sukari, ataongezewa oksijeni ikihitajika, na antibiotiki itaingia kwenye mshipa bila kungoja majibu. Wazazi wengi wanaogopa neno moja, maji ya mgongo. Inasemwa mitaani kwamba mtoto akitolewa maji ya mgongo hafiki kesho. Wanaofariki baada ya kipimo hicho wengi walifika wamechelewa, na kipimo kikabeba lawama ya ugonjwa. Hata hivyo, kwa mtoto mwenye vidoa vinavyoenea, mara nyingi madaktari wenyewe hukiahirisha mpaka hali itulie, kwa kuwa damu yake haigandi vizuri. Kwa hiyo hofu ya sindano ya mgongo isimrudishe mtu nyumbani.

Niseme na mipaka ya glasi, maana kipimo kizuri kikitumiwa vibaya kinaua. Mwanzoni kabisa vidoa vya ugonjwa huu vinaweza kufifia, ndiyo maana anayechukua glasi mara moja akaiweka kabatini amefanya nusu ya kazi. Rudia kila baada ya muda mfupi. Tena, wapo wagonjwa ambao hawatoki kidoa kabisa mpaka wamezidiwa. Mtoto aliyelegea, anayehema haraka, haamshiki vizuri, ana degedege au shingo imekaza, anakwenda hospitali bila kuuliza glasi imesema nini.

Kwa upande wa pili, si kila kidoa kisichofifia ni meningokoko. Mtoto aliyetapika sana au kukohoa mpaka akakabwa anaweza kupasua vimishipa vidogo usoni na shingoni, na kwa kawaida vidoa hivyo havishuki chini ya chuchu. Homa ya kidingapopo, ambayo Dar es Salaam na Mombasa zimeshaionja, hushusha chembe sahani za damu na kuleta vidoa vya namna hiyo. Saratani ya damu pia huanza hivi wakati mwingine, na homa za virusi zinazosababisha kutokwa damu zimo kwenye orodha hiyohiyo. Utaona kwamba hakuna hata moja kati ya hizo tatu za mwisho unayotaka kuitibia nyumbani. Kutofautisha ni kazi ya maabara, wewe kazi yako ni kufika. Na alama ya kuumwa na mbu huna haja ya kuihofia, hiyo imeinuka na inawasha, wakati damu iliyovia mwanzoni huwa tambarare na haiwashi.

Ugonjwa huu wenyewe si mgeni kwetu. Ukanda wake wa mlipuko unaanzia Senegali hadi Uhabeshi, lakini haukai ndani ya mipaka yake. Nairobi ilipata mlipuko mkubwa mwaka 1989, wa aina ile ile iliyokuwa imewapata mahujaji Maka mwaka 1987. Mwaka 2021 ulizuka Banalia, kaskazini mwa Kisangani, na ulipotangazwa rasmi tayari watu 129 walikuwa wamefariki kati ya 261 walioshukiwa kuugua. Takriban nusu. Huko watu waliugua mbali na hospitali, na saa zilikuwa zimekwisha kabla hawajafika. Mahujaji leo hawapati viza bila chanjo ya meningokoko, na anayekwenda Maka aichome angalau siku kumi kabla ya kufika, kinga ipate muda wa kujijenga.

Na waliobaki nyumbani? Bakteria huyu hupita kwa mate na kwa pumzi ya karibu, hivyo ndugu waliolala chumba kimoja na mgonjwa, au wanafunzi wa bweni lake, hupewa dawa ya kinga, mara nyingi dozi moja ya siprofloksasini, ikiwezekana ndani ya saa 24 tangu ugonjwa ujulikane. Aliyempa mkono msibani au kukaa naye kwenye daladala hahitaji. Dawa hiyo inamfaa aliye mzima. Ndugu aliyekwisha kuanza homa hangojei kidonge: naye anavuliwa nguo, anaangaliwa nyayo na ndani ya kope, na anafuata njia ileile ya hospitali.