Kazi ya Mradi Huisha Kabla ya Jengo: Namna ya Kuipima na Kujiandaa kwa Inayofuata



Nimeombwa nizungumze na mafundi sanifu wa ujenzi kuhusu ajira za mradi, zile ambazo barua zake husema utafanya kazi "hadi mradi utakapokamilika". Wengi wetu tunapopewa barua hiyo huangalia bango lililopo getini. Bango linasema mkandarasi ana miezi 18, nasi tunapanga maisha kwa miezi 18: tunahamisha familia, tunachukua mkopo, tunaanza kujenga. Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Miezi ile ni ya mkandarasi na mwenye mradi. Muda wako wewe unategemea sehemu ya kazi uliyoajiriwa kuisimamia, na sehemu hiyo mara nyingi huisha jengo likiwa bado halina hata madirisha.

Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji linaonyesha jambo hili kwa ukubwa wake. Jiwe la msingi liliwekwa Julai 2019. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme Februari 2024, na mitambo yote 9 ikakamilika mwaka 2025. Bwawa halijazwi maji kama tuta halijapanda vya kutosha. Kwa hiyo mwaka 2024, taifa likifurahia umeme wa kwanza, kazi kubwa ya zege la tuta ilikuwa imeshapita na zamu ilikuwa ya watu wa mitambo na umeme. Mradi ulikuwa mmoja, lakini ajira zilizokuwa ndani yake zilianza na kuisha kwa nyakati tofauti.

Tuje kwenye saiti za kawaida. Chukua mfano wa fundi sanifu anayepewa kazi Dodoma kwenye jengo la ghorofa nne. Mkataba wa mkandarasi ni wa miezi 18. Yeye anaajiriwa mwezi wa pili, msingi ukichimbwa, asimamie nondo, fomu na zege. Ukikadiria wiki tatu hadi nne kwa kila sakafu, ukaongeza msingi na siku za mvua, slabu ya mwisho itamwagwa karibu na mwezi wa tisa. Baada ya hapo kinachobaki ni tofali, plasta, mabomba, umeme, vigae na rangi. Msimamizi wa kazi hizo ni mtu mwingine. Ajira ya fundi wetu ni ya miezi 8.

Mshahara aliotajiwa ni shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Wakati huohuo kiwanda cha matofali kinamtaka kwa ajira ya kudumu ya shilingi 1,100,000. Kwa haraka mradi unamzidishia 400,000. Lakini miezi 8 inampa milioni 12, na akikaa miezi 4 bila kazi baada ya hapo, milioni hizo 12 zimegawanywa kwa miezi 12. Mshahara wake wa kweli ni 1,000,000, chini ya ule wa kiwandani. Akisubiri mwezi mmoja tu, anagawanya kwa 9 na kupata kama 1,333,000. Kilichobadilika kati ya hesabu hizo mbili ni urefu wa kusubiri, na huo ndio anaoweza kuupunguza. Kwa maoni yangu, asiyejua atakavyoupunguza achukue kazi ya kiwandani bila kuona haya.

Kabla ya kusaini, aulize maswali mawili: nitasimamia kazi zipi, na kwenye ratiba ya mradi kazi hizo zinaisha mwezi gani? Ratiba ipo, kwa sababu mkandarasi humpa mhandisi mshauri. Akijibiwa "utakuwa nasi mpaka mwisho", aombe iandikwe tarehe. Mkataba ukiisha kwa muda wake kufika, sheria yetu ya ajira haimlazimishi mwajiri kulipa kiinua mgongo kile cha siku 7 kwa kila mwaka. Fao la kukosa ajira la NSSF nalo linataka michango isiyopungua miezi 18, na mradi mmoja wa miezi 8 haukufikishi. Kwa hiyo hakikisha kila mkandarasi anachangia kwa namba yako ileile ya uanachama, na ukague taarifa yako ungali saiti, karani wa mishahara akiwa bado yupo.

Ukishaanza kazi, jifunze kutofautisha saiti inayoelekea kukamilika na saiti inayokwama. Inayokamilika hupungua kwa mpangilio. Oda za nondo zinakatika lakini vigae na mabomba vinaingia, mafundi wa fomu wanaondoka na wapaka rangi wanafika. Inayokwama hupungua kila upande kwa pamoja: saruji inaletwa kidogo kidogo, wakandarasi wadogo wanaondoa vifaa vyao, mishahara inachelewa wiki moja, kisha mbili. Mara nyingi chanzo ni hati za malipo ambazo mwenye mradi hajazilipa. Ukiona dalili hizi za pili, ile miezi 8 usiitegemee tena. Anza kutafuta wiki hiyohiyo.

Kama saiti inakwenda vizuri, wakati wa kuanza ni slabu mbili zikiwa zimebaki. Hapo una kama miezi miwili. Anayesubiri slabu ya mwisho anaanza kutafuta siku anayokabidhi kofia. Kazi ya kutafuta yenyewe inaanzia kwenye mfumo wa manunuzi ya umma wa NeST, ambako zabuni na washindi wake hutangazwa. Angalia waliopewa majengo hivi karibuni katika mkoa wako na mikoa ya jirani. Mkandarasi aliyetoka kupewa zabuni bado anakabidhiwa eneo, anajenga ofisi na kuchimba msingi, na ndani ya wiki chache atahitaji mtu wa nondo na zege. Ukimfuata akiwa tayari yuko ghorofa ya pili, umechelewa.

Njia ya pili ni kikao cha saiti cha kila mwezi. Mhandisi mshauri na mkadiriaji majenzi wanaokuja pale wana miradi mingine, na wamekuwa wakiona kazi yako tangu msingi. Mwambie kila mmoja wao wazi: "Mhandisi, slabu ya mwisho naimaliza mwezi wa tisa, baada ya hapo nitakuwa huru." Sentensi hiyo ina tarehe, kwa hiyo inabaki kichwani mwake kuliko ombi la "ukisikia kazi nikumbuke".

Naye atauliza umefanya nini. Weka daftari lako: mita za ujazo za zege ulizosimamia, tani za nondo, idadi ya mafundi waliokuwa chini yako, na majibu ya vipimo vya zege vya siku 7 na siku 28. Michoro ya kampuni usiichukue, hiyo si mali yako. Cheti cha utumishi ni haki yako kisheria, lakini hakielezi ubora wa kazi. Barua inayoueleza iombe kwa msimamizi wa saiti kabla slabu ya mwisho haijamwagwa, kwa kuwa naye anaweza kuhamishiwa mradi mwingine kabla yako.

Usisahau kuuliza ndani ya mradi wako pia. Fundi sanifu aliyejitolea kukagua plasta na vigae katika sakafu za chini, huku akimwaga zege juu, anaweza kubakizwa kwa kazi za umaliziaji. Ila kipindi cha matazamio baada ya makabidhiano, ambacho kwa kawaida ni mwaka mmoja, hakibakizi watu wengi. Humo ni kurekebisha nyufa na mabomba yanayovuja, na mtu mmoja au wawili wanatosha.

Ukipata kazi mpya mapema kuliko ulivyotarajia, usiondoke zege likiwa katikati. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku 28, na mkataba wenye tarehe unaweza kukubana zaidi ya hapo, kwa hiyo usome kabla hujaahidi kitu. Mwajiri mpya mpe tarehe inayofuata slabu ya mwisho. Mara nyingi atakubali, maana msingi wake nao bado unachimbwa.