CHAKULA CHA SIKU SITINI KISICHORUDIA

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo)



Leo tunataka tuzungumze juu ya chungu. Nyumba nyingi kwetu hupika ndizi na maharage leo, kesho ndizi na maharage, na kesho kutwa hivyo hivyo. Si kwamba vyakula vingine havipo. Mihogo ipo shambani, matembele yapo, dagaa wa Ziwa Victoria wapo sokoni. Kinachokosekana ni mpango, na mpango huu ni wa kuandika, nanyi kuandika mnajua.

Chukua karatasi, uigawe safu tatu. Safu ya kwanza andika vyakula vinne vya kushibisha: ndizi, ugali wa muhogo, viazi vitamu, ugali wa mahindi. Safu ya pili andika vitoweo vitatu: maharage, dagaa, karanga. Safu ya tatu andika mboga tano: matembele, mchicha, majani ya maboga, kisamvu, mgagani. Bandika karatasi ukutani jikoni, mbali na moshi.

Sasa, kila siku unashuka jina moja katika kila safu. Safu ikiisha, unarudi juu katika safu hiyo peke yake. Tuone. Siku ya kwanza ni ndizi, maharage na matembele. Ya pili ni ugali wa muhogo, dagaa na mchicha. Ya tatu, viazi, karanga na majani ya maboga. Siku ya nne ni ugali wa mahindi, lakini vitoweo vimeshaisha, kwa hiyo tunarudi kwenye maharage, na mboga ni kisamvu. Siku ya tano ndizi zimerudi. Je, zimerudi na maharage? La, safari hii zina dagaa na mgagani. Zidisha 4 kwa 3 kwa 5, utapata 60. Mlo wa siku ya kwanza utarudi ulivyo siku ya 61.

Mtu atasema, "Mimi nina kuku, nitaandika mayai yawe kitoweo cha nne." Hapo mpango unaharibika. Safu mbili zenye majina manne manne hutembea pamoja kama ng'ombe wawili wa nira moja, na ndizi zitakutana na maharage siku zote. Basi andika mayai pembeni ya karanga, nafasi ile ile. Yakiwapo, yapikwe siku ya karanga. Vivyo hivyo mboga ikikauka kiangazi, au migomba ikishikwa na mnyauko, weka kingine katika nafasi ile, wala usifute nafasi yenyewe.

Jambo linalowashinda wengi ni kipimo. Tuseme nyumba ina watu sita, wakubwa na watoto, nao hutumia kilo 1 ya unga wa mahindi kwa mlo. Siku ya viazi vitamu, kilo 1 haitoshi hata kidogo, maana viazi vibichi vimejaa maji. Zinatakiwa kama kilo 4. Ndizi, pamoja na maganda yake, ni kama kilo 5. Ukiona watoto wanaulizia chakula kabla jua halijapinda, angalia hapo kwanza.

Kwa vitoweo mambo yamegeuka. Penye nusu kilo ya maharage makavu, robo kilo ya dagaa wakavu inatosha, hata ukiondoa mchanga wake. Karanga ni nusu kilo, zilizotwangwa. Mwenye fedha kidogo atapenda kupunguza kitoweo. Kama ni lazima, apunguze siku ya ugali wa mahindi, kwa sababu mahindi yana protini kiasi, yaani chakula cha kujenga mwili. Siku ya muhogo asipunguze. Unga wa muhogo hushibisha sana lakini protini yake ni haba, na mtoto anaweza kushiba kila siku huku miguu inavimba na nywele zinakuwa nyepesi. Akiwa hivyo, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.

Kisamvu nacho kina sumu yake. Kitwangwe vizuri, kichemshwe muda mrefu bila kufunika, ndipo kitiwe karanga. Siku ambayo kuni ni chache, pika mchicha, na kisamvu kichukue zamu ya mchicha siku yake ikifika.

Akija mgeni siku ya viazi nawe ukapika ugali, usihangaike. Weka alama kwenye karatasi kwamba siku imepita, na kesho shuka jina moja katika safu zote tatu.